Kuchagua vigezo vya modeli ya kandanda: nini kibaki, nini kitoke

Anayejenga modeli ya kutabiri mechi huanza kwa kukusanya kila kitu: mabao, mashuti, umiliki wa mpira, siku za mapumziko, urefu wa safari, pointi za mechi tano zilizopita, hata mvua. Idadi ya mechi hairuhusu. Ligi ya timu 20 ina mechi 380 kwa msimu, kwa hiyo misimu mitano ni mechi 1,900 tu, na matokeo ya kila mojawapo yamechanganyika na bahati. Ukiipa modeli vigezo 40 kwa mechi hizo, itakariri bahati ya misimu iliyopita na kuidhania kanuni. Mwongozo huu unaanza na kipimo kimoja cha nguvu ya timu. Kila kigezo kinachofuata kitalazimika kuonyesha kwamba kinajua jambo ambalo kipimo hicho hakikujua.

Hatua ya kwanza: amua unatabiri nini na utapimaje

Tabiri mabao ya kila timu, kisha upate kutoka kwenye mabao hayo uwezekano wa ushindi, sare na kupoteza. Njia ya kawaida ni regresheni ya Poisson, hesabu inayokadiria wastani wa mabao ya timu na kutoa uwezekano wa kufunga 0, 1, 2 na kuendelea: kila mechi inaingia mara mbili, mara moja kwa mabao ya mwenyeji na mara moja kwa mabao ya mgeni. Faida yake ni kwamba ushindi wa 4–0 na ule wa 1–0 havihesabiwi sawa, na data ndogo uliyonayo inatumika vizuri zaidi.

Kipimo kiwe hasara ya logi. Chukua uwezekano ambao modeli iliupa tokeo lililotokea kweli, tafuta logi yake asilia, geuza alama, halafu piga wastani wa mechi zote. Namba ndogo ndiyo nzuri. Anayegawa theluthi moja kwa kila tokeo anapata 1.099. Katika ligi ambamo wenyeji hushinda asilimia 45, sare ni 26 na wageni hushinda 29, anayerudia namba hizo tatu kila mechi anapata karibu 1.069. Modeli isiyoshuka chini ya hapo haijajifunza lolote kuhusu timu.

Gawa data kwa wakati. Funza kwa misimu mitatu ya kwanza na upime kwa wa nne, kisha funza kwa minne na upime kwa wa tano. Ukichanganya mechi kama karata, modeli itafunzwa kwa mechi za Aprili na kupimwa kwa za Januari ya msimu uleule, na kila kigezo kitaonekana kizuri kuliko kilivyo.

Hatua ya pili: msingi wa nguvu kutoka kwenye mabao tarajiwa

Mabao tarajiwa, safu inayoandikwa xG kwenye majedwali ya takwimu, hujumlisha uwezekano wa kila shuti kuwa bao, kwa kuangalia lilipigwa kutoka wapi, kwa pembe gani, kwa mguu au kwa kichwa. Timu hupiga mashuti kumi na zaidi katika mechi ambayo hufunga bao moja au mawili. Ndiyo maana nguvu ya timu huonekana mapema zaidi kwenye mashuti kuliko kwenye mabao. Hata hivyo safu hiyo haifai kuingizwa kama ilivyo, na marekebisho haya yana uzito kuliko vigezo vingi ambavyo watu hukimbilia kuongeza.

Kwanza ondoa penalti. Penalti moja huhesabiwa karibu 0.76 hadi 0.79, kulingana na mtoa takwimu. Timu iliyopewa penalti mbili katika mechi moja inaonekana imetengeneza zaidi ya bao moja na nusu hata kama haikuingia eneo la hatari mara nyingine. Tumia safu isiyo na penalti, ambayo kwa kawaida huitwa npxG, kisha rudisha penalti kama nyongeza ndogo iliyo sawa kwa timu zote.

Pili, angalia mashuti ya mfululizo. Mshambuliaji akipiga shuti la 0.5, kipa akautema mpira, likafuata la 0.4 na jingine la 0.6, jumla ni 1.5, ilhali shambulizi moja haliwezi kutoa zaidi ya bao moja. Thamani sahihi ni moja kutoa uwezekano wa yote matatu kukosa: 1 − (0.5 × 0.6 × 0.4) = 0.88. Kama una data ya shuti moja moja, fanya hivyo kwa kila shambulizi. Kama una jumla ya mechi tu, weka kikomo ili mechi moja ya 4.8 isivuruge wastani wa miezi miwili.

Tatu, mechi yenye kadi nyekundu ya mapema haisemi mengi kuhusu timu hizo zikiwa na watu 11 kila upande. Hesabu dakika za kabla ya kadi, au ipunguzie mechi hiyo uzito. Nne, usichanganye watoa takwimu wawili katika safu moja. Shuti lilelile linaweza kuwa 0.12 kwa mmoja na 0.18 kwa mwingine, na mahali ulipobadilisha chanzo modeli itadhani ligi nzima imebadilika.

Baada ya usafi huo, fanya wastani unaozipa mechi za karibuni uzito mkubwa zaidi. Nusu-uhai wa mechi 10 ni mwanzo mzuri: mechi iliyochezwa mechi kumi kabla ina nusu ya uzito wa ile ya mwisho, na uzito wote ukijumlishwa hauzidi mechi 15 hivi. Jaribu pia 5, 20 na 40, lakini uchague kwa msimu ambao hutautumia kwa kipimo cha mwisho. Kwa Python na maktaba ya pandas huandikwa hivi, df ikiwa jedwali lenye mstari mmoja kwa kila timu katika kila mechi:

```python
df = df.sort_values(["timu", "muda"])
df["npxg_kabla"] = (
    df.groupby("timu")["npxg"]
      .transform(lambda s: s.shift(1).ewm(halflife=10).mean())
)
```

Sehemu inayobeba kila kitu hapo ni `shift(1)`. Bila hiyo, wastani unajumuisha mechi yenyewe unayotaka kuitabiri, na modeli inaona majibu kabla ya mtihani. Ndilo kosa linaloharibu kazi nyingi, na dalili yake ni hasara ya logi nzuri kupita kiasi. Katika ligi ya kawaida, ukiona 0.80 usishangilie; tafuta tundu. Uhakiki ni rahisi: mstari wa kwanza wa kila timu lazima uwe mtupu. Halafu chagua mechi moja ya katikati ya msimu, futa mistari yote kuanzia hiyo kwenda mbele isipokuwa ratiba, na ukokotoe upya. Vigezo vya mechi hiyo visibadilike hata kidogo.

Wastani wa mechi chache bado unadanganya, kwa hiyo uvute kuelekea matarajio ya awali. Tuseme wastani wa ligi ni 1.35 kwa timu kwa mechi, na timu fulani ina mechi sita za 1.9, 0.8, 2.4, 1.5, 1.1 na 1.9. Jumla ni 9.6, wastani 1.60. Kwa urahisi wa hesabu, acha uzito wa mechi uwe sawa, kisha ongeza mechi sita za kubuni zenye wastani wa ligi: (9.6 + 6 × 1.35) ÷ 12 = 1.475. Timu bado iko juu ya wastani, ila modeli imeamini nusu tu ya tofauti iliyoiona. Idadi hiyo ya mechi za kubuni ipimwe kama ulivyopima nusu-uhai. Timu iliyopanda daraja usiivute kuelekea wastani wa ligi. Ivute kuelekea wastani wa timu zilizopanda misimu iliyopita, ambao kwa kawaida uko chini.

Fanya hivyohivyo kwa mabao tarajiwa ambayo timu imeruhusu. Mpinzani akiwa anaruhusu 1.20 na wenyeji wa ligi hufunga wastani wa 1.50, mabao ya mwenyeji wetu ni 1.50 × (1.475 ÷ 1.35) × (1.20 ÷ 1.35), yaani karibu 1.46. Mwanzoni mwa msimu ratiba haiko sawa kwa wote, kwa hiyo ni bora kulinganisha kila mechi na kile ambacho mpinzani wa siku hiyo huruhusu. Mabao tarajiwa 1.6 dhidi ya ngome ngumu ni kazi kubwa kuliko 1.9 dhidi ya timu inayoshuka.

Funza modeli kwa vigezo hivi viwili pamoja na faida ya uwanja wa nyumbani, andika hasara yake ya logi, na uihifadhi. Hiyo ndiyo modeli ya msingi.

Hatua ya tatu: siku za mapumziko

Hapa data humgeuka mtu asiye makini. Ukilinganisha bila maandalizi, timu zenye mapumziko ya siku tatu mara nyingi huonekana zinashinda zaidi kuliko zenye siku saba. Sababu yake si uchovu kuleta ushindi. Timu zinazocheza katikati ya wiki ndizo zilizofuzu mashindano ya bara, na zimefuzu kwa kuwa ni bora. Kwa hiyo mapumziko yapimwe tu yakiwa ndani ya modeli ambayo tayari ina nguvu ya timu. Ukiona modeli inaipa timu iliyopumzika kidogo mabao zaidi, jua kwamba kipimo chako cha nguvu ni dhaifu na mapumziko yanakifanyia kazi yake.

Makosa ya hesabu yanatoka sehemu mbili. Ya kwanza ni ratiba ya ligi peke yake: timu iliyocheza ligi Jumamosi, kombe la bara Jumatano, na ligi tena Jumamosi itaandikwa siku saba. Lazima uwe na tarehe za mashindano yote, hata kama takwimu zake nyingine huna. Ya pili ni kuhesabu tarehe badala ya saa. Timu iliyoanza mechi Jumatano saa 20:00 na kucheza tena Jumamosi saa 12:30 ina saa 64.5, yaani siku 2.7. Kalenda inasema tatu. Mpinzani wake aliyecheza Jumamosi iliyopita saa 15:00 ana saa 165.5, yaani siku 6.9. Weka muda wote katika saa za UTC, vinginevyo mechi za usiku zitaruka tarehe.

Kisha weka kikomo cha siku saba. Tofauti kati ya siku tatu na tano inaweza kuwa na maana. Kati ya 9 na 14 hakuna sababu ya kuitegemea, na bila kikomo mechi ya kwanza ya msimu itaingia na mapumziko ya siku 90. Kigezo chenyewe kiwe tofauti kati ya timu mbili: 2.7 kutoa 6.9 ni −4.2. Timu zote mbili zikiwa zimechoka, tofauti ni karibu sifuri, na hivyo ndivyo inavyopaswa kuwa.

Mapumziko baada ya mechi za timu za taifa ni jambo jingine. Klabu inaonekana imekaa wiki mbili bila mechi, huku wachezaji wake wanane wakiwa wamecheza mara mbili ng'ambo. Weka alama ya pekee kwa mechi za kwanza baada ya kipindi hicho, au ziache nje unapopima mapumziko. Kinachochoka ni miguu ya wachezaji, klabu haichoki, kwa hiyo dakika walizocheza ndani ya siku saba ni kigezo bora. Ila kumbuka kwamba kikosi cha kuanza hutangazwa karibu saa moja kabla ya mechi. Kama utabiri wako hutoka siku iliyotangulia, ukitumia kikosi halisi kwenye mafunzo unaipa modeli taarifa ambayo hutakuwa nayo siku ya kazi.

Hatua ya nne: safari

Uliza kwanza kama ligi yako ina safari za kutofautiana. Kwenye ligi ya nchi ndogo, ambako kila mgeni anafika kwa basi ndani ya saa chache, kigezo hiki kina nafasi ndogo ya kusema lolote. Ruka hatua hii bila majuto. Kwenye ligi ya Marekani, Brazil au Urusi hali ni tofauti: kutoka Moscow hadi Vladivostok ni zaidi ya kilomita 6,000 na tofauti ya saa saba.

Umbali wa mstari wa anga kati ya viwanja viwili, kwa kanuni ya haversine inayozingatia mviringo wa dunia, unatosha. Tatizo liko kwenye faida ya nyumbani. Mwenyeji husafiri sifuri na mgeni husafiri kitu fulani, kwa hiyo umbali na kucheza ugenini vinakwenda pamoja, na sehemu ya wastani wa safari tayari imo ndani ya faida ya nyumbani. Toa wastani wa ligi kwenye umbali wa mgeni kabla ya kuuingiza, ili kigezo kieleze safari ilizidi ya kawaida kwa kiasi gani. Tumia logi ya umbali au makundi machache, mfano chini ya kilomita 300, kati ya 300 na 1,500, na zaidi ya hapo, maana kilomita 200 za kwanza na 200 za mwisho wa safari ndefu si kitu kimoja. Saa za eneo ziwe kigezo tofauti, kwa sababu safari ya kaskazini kwenda kusini inaweza kuwa ndefu bila kugusa usingizi wa mtu.

Makosa ya kawaida hapa ni ya jedwali la viwanja: timu iliyohamia uwanja wa muda wakati wake ukikarabatiwa, na fainali kwenye uwanja usio wa yeyote, ambako timu zote mbili zinasafiri na hakuna faida ya nyumbani. Mechi za watani wa mji mmoja pia zina umbali karibu na sifuri, lakini zina mazingira yake. Usiziruhusu zielekeze uzito wa safari. Kwa mashindano ya Amerika Kusini, ongeza mwinuko wa uwanja kabla ya umbali. Mwaka 2009 Bolivia iliifunga Argentina 6–1 mjini La Paz, kwenye mwinuko wa takriban mita 3,600, na kilomita peke yake zisingeeleza mechi ya aina hiyo.

Hatua ya tano: fomu

Pointi za mechi tano zilizopita ndicho kigezo kinachopendwa kuliko vyote, na ndicho kinachorudia zaidi yale yanayojulikana. Timu nzuri hupata pointi nyingi, na uzuri huo modeli ya msingi inaujua. Swali la kweli ni kama timu inayofanya vizuri kuliko nguvu yake ilivyotabiri itaendelea hivyo.

Kwa hiyo jenga fomu kama ziada. Kwa kila mechi iliyopita, chukua uwezekano ambao modeli ya msingi iliutoa kabla ya mechi na ukokotoe pointi tarajiwa: mara tatu uwezekano wa ushindi, ongeza uwezekano wa sare. Ushindi 0.65 na sare 0.20 ni pointi 2.15. Tuseme mechi tano zina matarajio ya 2.15, 1.90, 2.30, 1.40 na 2.05, jumla 9.80, na timu imeshinda nne na kupoteza moja, yaani pointi 12. Ziada ni 2.2, au 0.44 kwa mechi. Timu nyingine yenye pointi 12 zilezile dhidi ya wapinzani wagumu ingeweza kuwa na ziada ya 5. Jedwali la fomu la magazetini linaziona sawa.

Usishangae modeli ikiipa ziada hiyo uzito unaokaribia sifuri. Nusu-uhai wa mechi 10 tayari umeshabeba mabadiliko ya karibuni, na kinachobaki mara nyingi ni mashuti yaliyogonga mwamba. Ikipata uzito mkubwa, kabla ya kuikubali rudi kwenye nusu-uhai: huenda ni mrefu mno, na fomu inaziba pengo lake. Ufupishe kisha upime tena.

Hatua ya sita: pima kigezo kimoja kimoja

Ongeza kigezo kimoja kwenye modeli ya msingi, tabiri msimu wa kupimia, na kwa kila mechi toa hasara mpya kwenye ya zamani. Tuseme katika mechi 380 wastani wa nafuu ni 0.002, na nafuu hizo zinatawanyika kwa kiwango cha 0.03. Gawa 0.03 kwa kipeuo cha pili cha 380, upate karibu 0.0015, kiasi ambacho bahati peke yake huuyumbisha wastani huo. Nafuu ya 0.002 ni mara 1.3 tu ya namba hiyo, kiasi ambacho bahati hukileta mara kwa mara. Kwa misimu minne ya kupimia, yaani mechi 1,520, namba inashuka hadi 0.0008; nafuu ileile sasa ni mara 2.6, na kigezo kinastahili kubaki.

Angalia pia kama uzito wa kigezo una mwelekeo uleule msimu hadi msimu. Kinachosaidia msimu mmoja na kuumiza unaofuata kitoke, hata kama wastani wake ni mzuri. Na ukijaribu vigezo 20 kwa msimu huohuo, kimoja kinaweza kufaulu kwa bahati tu. Ndiyo maana msimu mmoja wa mwisho ufungiwe kabisa, ufunguliwe mara moja kwa orodha uliyoikamilisha.

Rudia vipimo kanuni za mashindano zinapobadilika. Mechi za 2020 zilizochezwa bila mashabiki zina faida ya nyumbani tofauti, kwa hiyo zipe alama yake. Ligi Kuu ya England iliruhusu kuingiza wachezaji watano wa akiba kwa kudumu kuanzia msimu wa 2022/23, na benchi refu linaweza kupunguza makali ya mapumziko mafupi. Tangu 2024/25, hatua ya kwanza ya Ligi ya Mabingwa Ulaya ina mechi nane kwa kila timu badala ya sita. Uzito wa mapumziko uliojifunza kwenye misimu ya kabla ya mabadiliko hayo usiutumie kwa misimu mipya kabla ya kuupima upya.